Baada ya "nzuri": namna ya kuuliza swali la pili

Ndani ya Coaster ya Moshi kwenda Arusha watu husalimiana vizuri kabisa, halafu hunyamaza kilomita 80. "Habari za asubuhi?" "Nzuri." "Za nyumbani?" "Nzuri, sijui kwako?" "Kwema." Baada ya hapo mmoja anageukia dirisha, mwingine anatoa simu. Wala si kwamba hawapendi kuongea. Salamu zetu zina majibu yaliyokwisha pangwa, na hata uulize za kazi, za watoto, za shamba na za tangu juzi, utajibiwa neno lile lile. Mtu aliyelaza mgonjwa KCMC jana usiku naye ataanza na "nzuri" kabla ya kusema lolote.

Kwa hiyo kuongeza salamu hakusaidii. Kinachosaidia ni swali linalofuata baada ya salamu, na hasa swali linaloning'inia kwenye kitu ambacho mwenzako amekwisha kukitaja. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya watu wasiofahamiana. Waliouliza maswali mengi zaidi walipendwa zaidi na wenzao, na aina ya swali iliyoleta tofauti hiyo ilikuwa swali la kufuatilia, lile linalotokana na jibu lililotangulia. Maswali ya kuruka kutoka jambo moja kwenda jingine hayakuwa na nguvu hiyo. Hapa chini ni namna ya kulifanya jambo hilo kwa Kiswahili, kwa watu wa huku.

1. Maliza salamu kwanza

Usiruke. Kama aliye mbele yako ni mtu mzima, toa shikamoo, ngoja marahaba, jibu "hujambo" yake, kisha uliza moja: za safari, za biashara, za nyumbani, yoyote inayolingana na mlipo. Moja inatosha, mbili kama ni mzee. Ukianza na swali kabla ya salamu kuisha, hata swali zuri litasikika kama la karani wa mlangoni, na mzee atakujibu kwa ufupi ili akuonyeshe kwamba umepitiliza.

Kwa vijana mambo ni mepesi zaidi. "Niaje?" "Freshi." Hiyo imekwisha, nenda hatua ya pili.

2. Sikiliza mkia wa "nzuri"

Hapa ndipo wengi wanapopoteza kila kitu, kwa sababu wakisikia "nzuri" wanaacha kusikiliza. Habari halisi huja baada ya neno hilo. "Nzuri, ila jua." "Nzuri tu." "Nzuri kiasi." "Nzuri, tunasukuma." "Tupo tu, tunapambana." Maneno kama ila, kiasi, tu, hivyo hivyo na tunasukuma ni mlango ulioachwa wazi kidogo. Mwenye nyumba hajakukaribisha, lakini hajafunga.

Ukiusikia mkia, urudie kwa sauti ya kuuliza, basi. "Unasukuma?" "Kiasi?" Si lazima utengeneze sentensi nzima. Mtu akisikia neno lake limerudi kwake na sauti imepanda mwisho, karibu kila mara ataeleza. Kama hataki kueleza atacheka na kusema "ndiyo maisha", nawe unaacha bila mtu kuaibika. Ndiyo maana njia hii ni salama kuliko kuuliza "Kwani kuna tatizo gani?", swali linalomlazimisha ama akiri shida mbele ya abiria ama adanganye.

3. Kama hakuna mkia, uliza kitu chenye mahali na wakati

Mara nyingine unapata "nzuri" kavu. Hapo unahitaji swali moja ambalo haliwezi kujibiwa "nzuri", na njia rahisi ni kuliweka kwenye mahali na wakati fulani. Hali ya hewa peke yake ni mlango mbovu. Ukisema "Mlima leo umefunguka", utapata "eeh, umefunguka", na mko pale pale. Ifunge hali ya hewa kwenye shughuli ya mtu: "Mvua hii imekukuta umeshapanda?" Mwezi wa tatu au wa nne, masika ikiwa imeingia, hakuna mwenye shamba kuanzia Hai mpaka Usa River atakayejibu swali hilo kwa neno moja.

Kwa muuza nguo wa Kiboriloni, "Biashara vipi?" itapata "tunamshukuru Mungu". "Leo balo limefunguka vizuri?" itapata maelezo ya mzigo, daraja, na bei aliyonunulia ambayo anaona kaonewa. Kwa bodaboda kijiweni, "Mambo?" inakufa. "Mbona kijiwe kimetulia, wamekwenda wapi wote?" inaishi, kwa sababu umeuliza kitu ambacho nyote wawili mnakiona.

Kanuni yake ni kuuliza juu ya kitu kabla ya kuuliza juu ya mtu. Mzigo, barabara, mazao, foleni, bei ya ndizi Mbuyuni. Mtu mwenyewe atajitokeza ndani ya jibu, kwa kiasi anachotaka. "Unafanya kazi gani?" na "Unakaa wapi?" ziweke mbali na mwanzo. Ya kwanza inampima mtu kwa mfuko wake, na ya pili, hasa mwanamume anapomuuliza mwanamke asiyemjua, inamfanya ahesabu vituo vilivyobaki.

4. Shika neno ambalo hakulazimika kulitoa

Kila jibu lina sehemu mbili: ile uliyoomba na ile aliyoiongeza mwenyewe. Ukiuliza "Umetoka mbali?" akajibu "Rombo", umepata ulichoomba. Akijibu "Rombo, tangu alfajiri, na mzigo huu", ameongeza viwili bila kulazimishwa. Swali lako la kufuatilia lishike kimoja kati ya hivyo viwili, lisirudi kwenye Rombo. Kilichoongezwa ndicho kilicho juu moyoni kwa wakati huo.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate. Kijana wa kike amepanda stendi ya Moshi, anashuka Tengeru. Pembeni yake amekaa mama wa makamo, miguuni kuna ndoo iliyofunikwa kwa khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, hujambo mwanangu?"

"Sijambo. Za safari?"

"Nzuri, ila nimechoka."

Mkia umetoka: ila nimechoka. Kuna majibu mawili yanayojia mdomoni haraka. La kwanza ni "Pole." Ni adabu, lisemwe, lakini likibaki peke yake linafunga, maana jibu lake ni "asante". La pili ni "Hata mimi nimechoka, jana nimelala saa nane." Hilo linachukua mazungumzo kutoka kwa mama na kuyapeleka kwa binti, na mama sasa ndiye anayetakiwa kusema pole. Binti huyu anaunganisha pole na swali:

"Pole mama. Umetoka mbali?"

"Nimetoka Rombo, tangu alfajiri, na mzigo huu."

"Alfajiri na mzigo! Umeshukaje nao mpaka barabarani?"

"Bodaboda. Nimeushika hivi mkononi njia nzima, maana ukilala tu vinavunjika."

Tazama swali lile la "umeshukaje". Linaomba maelezo ya namna jambo lilivyofanyika, na maelezo ya namna hiyo hayatoki kwa neno moja. Pia halimuulizi ndani ya ndoo kuna nini. Kuuliza mzigo wa mtu moja kwa moja kunaonekana upekuzi. Ukiuzunguka, mwenyewe anaufunua. Na mama ameufunua nusu: ukilala vinavunjika.

"Vinavunjika? Mayai?"

"Wala! Miche ya parachichi. Nampelekea mwanangu, amejenga hapo Usa."

Sasa kuna ndoano tatu kwa mpigo: miche, mwana, na kujenga. Utachagua ipi? Kujenga ni ya hatari kidogo, inaelekea kwenye pesa. Mwana peke yake itazaa maswali ya sensa: ana umri gani, anafanya kazi wapi, ameoa. Iliyo nzuri zaidi ni pale mbili zinapokutana, yaani mama na mwana juu ya miche.

"Aliiagiza mwenyewe, au wewe ndiye umeona umpelekee?"

"Aagize wapi! Huyo hajui hata jembe linashikwaje. Kiwanja kimekaa kitupu, amepanda majani ya kukata na mkasi."

Hapo mama anacheka na mazungumzo yamekaa. Hesabu ni maswali manne tu tangu salamu, na hakuna lililogusa umri, ukoo wala kipato. Mama amesema atokako, aendako, ana mtoto wa namna gani na anamwonaje.

5. Toa chako baada ya maswali mawili au matatu

Maswali yakifuatana matano bila wewe kusema chochote chako, mtu huanza kujiuliza unatafuta nini. Huku kwetu mtu mwenye maswali mengi hupewa jina haraka, na jina lenyewe si zuri. Kwa hiyo baada ya swali la pili au la tatu weka sentensi moja yako, fupi, inayohusu jambo lile lile, kisha umrudishie mwenzako mpira.

Binti anasema: "Sisi Tengeru tulipanda mitatu, ikakauka yote, na maji tulikuwa tunamwagia." Halafu ananyamaza. Hajaomba ushauri, lakini ameacha tatizo mezani, na mtu anayejua parachichi hawezi kulipita.

"Ilikuwa ya kubebesha?"

"Ndiyo."

"Kile kiungio mlikifukia na udongo?"

Sasa anayeuliza ni mama. Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote kwamba mazungumzo yamekuwa ya watu wawili, na kazi ya binti hapa ni kujibu kikamilifu. Akijibu "sijui" na kunyamaza, ameua mwenyewe alichokilea. "Sijui, aliyepanda ni kaka, lakini nakumbuka udongo ulipanda juu mpaka karibu na majani" ni jibu, kwa sababu lina kitu cha kushika. Na mama ataeleza kwamba kiungio cha mche uliobebeshwa hubaki juu ya udongo, kikifukiwa huoza.

Jambo hili la kujibu kwa ndoano lina uzito wake pekee kwa vijana wanaoongea na wazee, kwani mara nyingi mzee ndiye anayeuliza kwanza: "Wewe ni wa wapi?" Kijana akijibu "Moshi", mzee atasema "aah" na yataisha. "Kwetu ni Kibosho, ila tumekulia Majengo" inampa mzee pa kuingilia mara mbili, na usishangae akimfahamu babu yako.

6. Sauti ndogo na kimya

Kabla hujauliza swali jingine, jaribu kutouliza. "Ehee", "kumbe!", "hee!" na "aisee" zinafanya kazi ya swali, na mwenzako anaendelea bila kuhisi anahojiwa. "Kumbe!" hasa ina nguvu, kwa sababu inamwambia kwamba amekupa jambo jipya. Isitumike kila baada ya sentensi lakini, ikizidi inasikika kama ya kubembeleza.

Kimya nacho kinawasumbua watu bila sababu. Watafiti waliolinganisha lugha 10 duniani, kazi iliyochapishwa mwaka 2009, walikuta kwamba pengo la kawaida kati ya swali na jibu ni karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Kwa sababu tumezoea kasi hiyo, sekunde mbili za kimya zinaonekana ndefu kama foleni ya Kilombero, na tunakimbilia kuzijaza kwa swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa. Ukishauliza, hesabu moja, mbili, kimoyomoyo. Kwa mzee hesabu mpaka nne. Mara nyingi anatafuta pa kuanzia tu, na ukimkatiza unapata jibu la swali lako jepesi badala ya lile zito alilokuwa analiandaa.

Yanayoharibu, na utajuaje

Neno la kwanza la kuchunga ni "kwa nini", na ndugu yake "mbona". Kuuliza kijiwe mbona kimetulia hakuna shida, kijiwe hakina moyo. Lakini "Mbona uliacha kazi?" inakuja na lawama ndani yake, na "Kwa nini ulihamia Arusha?" inamtaka mtu ajitetee. Kitu kile kile kiulize kwa "ilikuwaje": "Ilikuwaje mpaka mkahamia Arusha?" Hapo unaomba simulizi, na mtu anachagua mwenyewe aanzie wapi.

La pili ni maswali mawili ndani ya pumzi moja. "Na huko Rombo mvua zimenyesha, na kahawa vipi mwaka huu, bado mnauza chama?" Mwenzako atajibu la mwisho, au lile jepesi kuliko yote. Uliza moja.

La tatu ni swali lenye jibu ndani yake: "Kwa hiyo ulikasirika sana, si ndiyo?" Atasema "eeh", na hakuna lililobaki. Sema tu "Ukafanyaje?"

La nne ni ushauri wa mapema. Mtu akisema mtoto hataki shule, sentensi inayokuja haraka ni "Mpeleke kwa fulani" au "Jaribu kumwekea muda". Ushauri hufunga, kwa kuwa baada yake mtu hana la kusema ila asante. Uliza kwanza amekwisha jaribu nini. Karibu kila mara amekwisha jaribu ulichotaka kumshauri.

Na kuna hesabu. Watoto wangapi, ng'ombe wangapi, ekari ngapi. Kwa Wamaasai na Waarusha wengi kuhesabu mifugo au watoto kwa sauti hakupendezi, na hata kwa wengine swali la idadi linasikika kama la mkopo. "Malisho huko yapoje, ng'ombe wanashiba?" inafika mbali zaidi na haimuudhi mtu.

Utajua umekosea kwa dalili zilizo wazi. Majibu yanafupika, kutoka sentensi mbili hadi moja, hadi "eeh". Anaanza kusema "ndiyo hivyo". Simu inatoka ingawa haijaita. Akikosa kukurudishia swali hata moja baada ya wewe kutoa chako mara mbili, usitafute swali bora zaidi. Hataki kuongea, na hiyo ni haki yake. Mtu aliyetoka Rombo alfajiri anaweza kutaka kulala tu. Sema "Haya mama, pumzika kidogo", uache.

Kufunga, na swali la siku nyingine

Mazungumzo mazuri nayo yana mwisho, na hapa kwenye gari konda ndiye anayeuamua. Akiita "Usa wapo?", usianzishe swali jipya. Taja kitu kimoja alichokwambia: "Haya mama, miche ishike. Mwambie asifukie kiungio." Hiyo ni kuaga, na pia inamwonyesha kwamba ulisikia.

Yule mama huenda hamtaonana tena. Lakini jirani, muuza maziwa, fundi cherehani wa mtaani kwako mtaonana kesho kutwa, na kwao swali lenye nguvu kuliko yote ni lile unalolibeba kutoka siku iliyopita. Ukishaachana naye, weka jambo moja kichwani, au liandike kwenye simu kama kichwa chako kina shughuli nyingi: cherehani iliyokuwa inakata uzi, mtoto aliyekuwa anasubiri matokeo, ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa. Mkikutana, maliza salamu, kisha uliza hilo: "Ile cherehani ilipona?" Swali hilo halijibiki kwa "nzuri".

Jambo la ugonjwa, deni au kesi usiliulize mbele ya watu wengine, hata kama yeye alikusimulia kwa kirefu. Mbele ya wateja wake uliza za cherehani. Za mgonjwa mngojee mpaka mteja aondoke, na uliza kwa sauti ya chini: "Na nyumbani, yule anaendeleaje?" Ataelewa unamsema nani.